Miaka Tisa Wodini, Siku ya Kwanza Kwenye Mashine

Swali lenyewe ni hili. Nimelitunga kwa umbo lile lile linalowakuta wanafunzi wa menejimenti na wauguzi wanaosomea uongozi wa wodi: kisa kifupi, majibu manne, chagua moja.

Sista Neema ana uzoefu wa miaka 9 katika wodi ya wazazi, na wenzake wanamheshimu kwa kazi yake. Wiki hii amehamishiwa kitengo cha watoto wachanga. Muuguzi mfawidhi anataka amhudumie mtoto njiti aliyewekwa kwenye mashine ya mapovu, ile inayomsukumia mtoto hewa puani ili mapafu yake yasisinyae. Neema hajawahi kuishika mashine hiyo. Ameipokea kazi kwa furaha, anasema ana hakika ataimudu, na tangu asubuhi anauliza maswali. Mfawidhi afanye nini?

A. Amkabidhi mtoto, amwambie amwite iwapo atakwama.

B. Akae naye, amuulize angependa kazi ipangwe vipi, amtie moyo, waamue pamoja.

C. Ampe hatua za kufuata, amweleze sababu ya kila hatua, amsikilize na kumjibu, lakini uamuzi ubaki kwa mfawidhi.

D. Amwambie afanye nini, lini na kwa namna gani, kisha asimame karibu akikagua kila hatua.

Anayesoma haraka huvutwa na A au B. Miaka 9 si mchezo, na hakuna anayependa kuonekana bosi anayemfundisha mtu mzima kazi. B, zaidi ya hayo, inasikika vizuri: imejaa ushirikishwaji, na tumekwisha kuaminishwa kwamba kiongozi mwema ni yule anayeshirikisha. Lakini swali halikuuliza nani ni kiongozi mwema. Limeuliza jambo dogo na gumu zaidi: kwa mtu huyu, kwa kazi hii, leo hii, mtindo upi unafaa?

Wazo hili lina wenyewe. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Paul Hersey na Ken Blanchard, walichapisha nadharia waliyoiita mzunguko wa maisha ya uongozi. Baadaye ikajulikana kama uongozi kulingana na hali. Hawakuanza na ukurasa mtupu. Tangu miaka ya 1940 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikuwa wameonyesha kwamba mwenendo wa kiongozi una pande mbili zinazojitegemea. Upande mmoja ni kupanga kazi: nani afanye nini, kwa utaratibu gani, ifikapo saa ngapi. Upande wa pili ni kumjali mtu: kumsikiliza, kumweleza, kumpa moyo. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kudhani kwamba kiongozi akizidisha upande mmoja lazima apunguze mwingine. Ohio wakaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa juu kwa vyote viwili, chini kwa vyote, au juu kwa kimoja tu. Hapo ndipo inapopatikana mitindo minne, na hapo ndipo penye majibu manne ya swali letu.

Tazama tena herufi zile. D ina maelekezo mengi na mazungumzo machache; huo ni mtindo wa kuelekeza. C ina vyote viwili kwa wingi: kiongozi bado ndiye anayeamua, ila anaeleza sababu na kujibu maswali, ndiyo maana unaitwa kushawishi. B ina maelekezo machache na mazungumzo mengi, nao ni kushirikisha. A ina vyote viwili kidogo: kazi imekabidhiwa na mwenye kazi ameachiwa nafasi, yaani kukasimu. Mtunzi wa swali akikupa majibu manne ya aina hii, kazi yako ya kwanza ni kuyapa majina hayo kabla ya kuamua lolote. Majina yakishakaa, nusu ya mtego imeteguka, kwa sababu hulinganishi tena jibu lenye maneno matamu na lenye maneno makavu.

Nusu ya pili imo ndani ya kisa. Hersey na mwenzake walisema mtindo hauchaguliwi kwa kupenda kwake kiongozi. Unachaguliwa kwa kusoma utayari wa anayeongozwa. Utayari huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni uwezo: je, ana maarifa, ujuzi na mazoea ya kazi hii? Ya pili ni moyo wa kuifanya, na hapo wao waliweka vitu viwili pamoja, yaani kupenda kuifanya na kujiamini kwamba ataiweza. Ukizipanga sehemu hizo unapata ngazi nne. Chini kabisa ni asiyeweza na asiyetaka, au asiyeweza na anayeogopa. Anafuata asiyeweza lakini mwenye hamu na kujiamini. Wa tatu anaweza, ila hataki au anasita. Wa nne anaweza, anataka na anajiamini. Kila ngazi ina mtindo wake kwa mpangilio huo huo: wa kwanza aelekezwe, wa pili ashawishiwe, wa tatu ashirikishwe, wa nne akasimiwe.

Kwa hiyo turudi kwa Neema tukiwa na kalamu mkononi. Sentensi ya kwanza, ile ya miaka 9, haituambii lolote kuhusu uwezo wake kwenye mashine ya mapovu. Inatuambia kuhusu wodi ya wazazi. Mtunzi ameiweka pale kwa makusudi, nayo ndiyo chambo ya kisa kizima. Utayari hupimwa kwa kazi moja moja, haupimwi kwa mtu mzima mzima. Neema huyu huyu, akiitwa leo kumzalisha mama asiye na tatizo, yuko ngazi ya nne, na mfawidhi anayesimama nyuma yake akimwelekeza anampotezea muda na kumvunjia heshima. Saa moja baadaye, mbele ya mashine, yuko ngazi nyingine. Mfawidhi anayejua kazi yake hubadili mtindo kati ya saa mbili asubuhi na saa tatu, kwa mtu yule yule.

Sentensi inayobeba uzito wa uwezo ni fupi mno: hajawahi kuishika mashine hiyo. Basi uwezo uko chini. Na sentensi inayobeba moyo ni ile ya mwisho: furaha, hakika, maswali. Basi moyo uko juu. Asiyeweza lakini anataka na anajiamini ni ngazi ya pili, na jibu kwa kitabu cha Hersey ni C.

Kwa nini isiwe D? Kwa sababu Neema ana swali mdomoni. Ukimpa amri tupu unamfunga mdomo mtu aliyeuleta moyo wake mwenyewe, na katika kazi hii maswali yake ndiyo kinga ya mtoto. Kwa nini isiwe B? Kwa sababu huwezi kumuuliza mtu angependa kazi ipangwe vipi ilhali hajui kazi yenyewe ina nini. Atatoa maoni kwa adabu, mfawidhi ataitikia kwa adabu, na hakuna atakayekuwa ameongoza. A ndiyo mbaya kuliko zote. Sharti lake ni kwamba Neema atambue mwenyewe kwamba amekwama, na mgeni wa mashine hajui kukwama kunafananaje.

Hapo inafaa tusogee karibu na kitanda. Mashine ya mapovu ni kitu chepesi kwa kukitazama. Hewa iliyochanganywa na oksijeni inapita kwenye mpira, inaingia kwa mtoto kupitia vijiti laini vya puani, na ncha ya mwisho ya mpira imezamishwa katika chupa ya maji. Kina cha kuzama ndicho kinachoweka shinikizo; sentimita 5 za maji ni kiwango cha kawaida cha kuanzia. Kila kitu kikiwa sawa, chupa inatoa mapovu mfululizo. Mapovu yakikoma, mtoto hapati shinikizo linalotakiwa.

Mfawidhi mwerevu hamuulizi Neema kama anaweza. Swali hilo kila mtu hulijibu ndiyo. Anamuuliza hivi:

"Sista Neema, mapovu yakikoma utaanza kuangalia wapi?"

"Nitaongeza oksijeni, halafu nimwite daktari."

Jibu hilo ni la mtu makini, nalo si sahihi. Mapovu yakikoma, mara nyingi hewa inavuja mahali: vijiti vimechomoka au ni vidogo kuliko tundu za pua, mtoto ameachama, mpira umelegea kwenye maungio. Unafuata njia ya hewa kuanzia kwa mtoto hadi kwenye chupa. Tena kuongeza oksijeni bila sababu kuna hatari yake, maana oksijeni ikizidi huweza kuharibu macho ya mtoto njiti. Ndiyo maana walio kwenye oksijeni hulengwa kwenye kiwango cha damu cha asilimia 90 hadi 95, haielekezwi 100. Kwa swali moja na jibu moja mfawidhi ameshajua uwezo uko wapi. Na kwa kuwa Neema amejibu bila kusita, ameshajua pia moyo uko wapi.

Mtindo wa kushawishi, ukiutazama pale kitandani, una sura hii. Mfawidhi anasema: "Vijiti visigandamize hapa katikati ya pua, acha nafasi kidogo." Neema anauliza kwa nini. Mfawidhi anamweleza kwamba ngozi ya mtoto njiti ni nyembamba, na vikigandamiza vinaweza kuitoboa. Neema anasema basi yeye angeona afadhali kukagua pua kila anapomgeuza mtoto. Mfawidhi anakubali wazo hilo, lakini bado yeye ndiye anayesema mtoto atageuzwa lini na kina cha maji kibaki wapi. Maelekezo hayajapungua hata chembe. Kilichoongezeka ni sababu na masikio.

Utamu wa maswali ya namna hii, na pia ukali wake, ni kwamba ukibadili sentensi moja jibu linahama. Jaribu hili: acha kisa kizima kama kilivyo, futa sentensi ya mwisho, uweke hii badala yake. Neema hakutaka kuhamishwa, na jana, alipokuwa akitazama mwenzake anavyofanya, mapovu yalikoma na mtoto akabadilika rangi. Tangu hapo hataki kuigusa mashine. Uwezo ule ule wa chini, ila sasa na moyo umeanguka. Yuko ngazi ya kwanza, na jibu ni D. Wasomaji wengi hushtuka hapa. Mtu anaogopa, nawe unataka kumpa amri? Mantiki ya Hersey ni kwamba mtu aliyejaa hofu na asiyejua la kufanya hahitaji mjadala mrefu. Anahitaji hatua moja ndogo iliyo wazi, mtu karibu yake, kisha hatua nyingine. Shika hapa. Tazama maji yamefika wapi. Andika namba hii. Hofu inapungua kwa sababu mkono umepata kazi ya kufanya. Kuelekeza si kukaripia. Mtunzi wa swali anayeandika D kwa maneno ya ukali, kama vile "amwonye" au "amtishie", ameharibu swali, kwa sababu mwanafunzi atalikataa jibu kwa ukali wake wakati mtindo wenyewe ndio unaotakiwa.

Sasa songa mbele wiki kadhaa. Neema ameshahudumia watoto wengi kwenye mashine, rekodi zake ni safi, na akiulizwa kuhusu mapovu anataja njia ya hewa kuanzia puani hadi chupani. Lakini kila akipangwa zamu ya usiku anampigia mfawidhi simu kuuliza jambo ambalo tayari amelifanya vizuri. Uwezo upo, kinachopungua ni kujiamini. Jibu limehamia B. Simu inapoita, mfawidhi wa ngazi hii haanzi kutoa hatua. Anauliza: "Umeona nini? Wewe unafikiri ni nini? Ungefanyaje kama simu yangu ingekuwa imezimwa?" Neema anajisikia akitoa jibu sahihi kwa mdomo wake mwenyewe, na hiyo ndiyo dawa ya kusita. Akimpa hatua, simu zitaendelea.

Ngazi hii ya tatu ina mlango wa pili, na mitihani huupenda. Badala ya kusita, weka kutotaka: Neema anaweza kazi vizuri, ila amechoka kupangiwa zamu za usiku mfululizo na ameanza kufanya kazi nusu nusu. Kwa kitabu, jibu bado ni B, maana kumfundisha mtu kazi anayoijua hakumrudishii moyo. Lakini mazungumzo yenyewe yanakuwa mengine kabisa. Wa kwanza alihitaji kusikia kwamba anaweza. Huyu anahitaji ratiba ya zamu iwekwe mezani na ijadiliwe. Mfawidhi anayempa huyu wa pili maneno ya kumtia moyo, bila kugusa ratiba, amechagua herufi sahihi na amefeli kazi.

Na Neema anapofika mahali anapofanya kazi ya mashine usiku kucha bila kupiga simu, huku naye akiwaonyesha wapya, jibu ni A. Kukasimu hapa kunabaki na mipaka yake: mfawidhi anasema matokeo anayoyataka, anakubaliana na Neema ni lini atapewa taarifa, kisha anaondoka njiani.

Katika utamaduni wetu A ina mvuto mwingine ambao vitabu vya Marekani havikuutaja. Tuseme Neema ana miaka 50 na mfawidhi ana 34. Asubuhi mfawidhi anamwamkia shikamoo, halafu dakika tano baadaye inambidi amwambie mahali pa kushika mpira. Ulimi unakuwa mzito. Njia rahisi ni kusema, "Mama, wewe ni mzoefu, utaona mwenyewe," na kila mtu anaondoka na heshima yake isipokuwa mtoto. Nionavyo mimi, C ndiyo inayookoa hali hii, kwa sababu inampa mfawidhi nafasi ya kuelekeza kwa kueleza. "Mama, mashine hizi mpya zina vituko vyake, ngoja nikuonyeshe kimoja kimoja," ni maelekezo kamili, na hayamshushi mtu.

Kufikia hapa ungedhani hesabu imefungwa. Haijafungwa, na anayejiandaa kwa mtihani asipolijua hili atapoteza alama bila kosa lake. Hersey na Blanchard walikuja kuachana njia. Mwaka 1985 Blanchard alitoa toleo lake, na humo aliipanga upya safari ya anayejifunza. Kwa Blanchard, mtu anapoanza kazi mpya kwa kawaida huwa na hamu kubwa na ujuzi mdogo. Huyo ndiye ngazi ya kwanza, mwanafunzi mwenye shauku, naye anaelekezwa. Baadaye, kazi inapogeuka ngumu kuliko alivyodhani, moyo unashuka ingawa ujuzi umeanza kupanda. Huyo ni ngazi ya pili, naye ndiye anayehitaji maelekezo pamoja na kuungwa mkono kwa wingi. Ngazi ya tatu na ya nne zinafanana kwa jumla na zile za Hersey.

Mweke Neema wetu wa kwanza kwenye ramani hiyo. Hajawahi kushika mashine, ana furaha, ana hakika. Kwa Blanchard yuko ngazi ya kwanza, na jibu ni D. Kwa Hersey yuko ngazi ya pili, na jibu ni C. Kisa hakijabadilika hata herufi, na majibu ni mawili. Neema wa pili, yule aliyetishika mapovu yalipokoma, anazua mvutano ule ule kwa upande wa pili: Hersey anamwelekeza, Blanchard angesema huyo ameshakata tamaa na anahitaji kuinuliwa huku akifundishwa.

Njia ya kujitoa ni kutazama lugha ya swali. Swali likitaja utayari, au likitaja mitindo ya kushawishi na kushirikisha, linatoka kwa Hersey. Likitaja hatua za kukua, ari ya kujitolea, au mitindo ya kufundisha na kusaidia, linatoka kwa Blanchard. Lisipotaja chochote, fuata kitabu kilichotumika darasani. Na ikiwa wewe ndiye mtunzi, andika ndani ya swali unatumia toleo lipi, au ubadilishe kisa ili matoleo yote mawili yaangukie herufi moja. Neema wa wiki kadhaa baadaye, anayeweza lakini anasita, ni kisa salama: kote kote jibu ni B.

Watunzi hukosea kwa namna nyingine mbili ambazo msomaji makini huzigundua. Ya kwanza ni kuacha moyo wa mhusika bila kutajwa. Kisa kikisema tu kwamba mfanyakazi ni mpya, huwezi kujua kama anataka au hataki, na mwanafunzi analazimika kubuni. Ya pili ni kuingiza dharura. Mtunzi anaandika kwamba mtoto ameacha kupumua sasa hivi, kisha anauliza mtindo wa kumwongoza Neema. Wakati huo hata Neema wa ngazi ya nne anaambiwa "shika hapa, hesabu", kwa sababu hakuna muda. Swali hilo limeacha kupima utayari, linapima saa.

Waanzilishi wenyewe waliutumia umbo hili la maswali mapema. Mwaka 1974 walichapisha dodoso la visa 12, kila kimoja na hatua nne za kuchagua, ili kiongozi ajitambue mtindo wake. Walichofanya kwenye alama kinastahili kuigwa na walimu: hawakugawa majibu kuwa pata na kosa. Hatua iliyofaa zaidi ilipewa 2, iliyofuata 1, halafu kasoro 1, na ile isiyofaa kabisa kasoro 2. Kwa hesabu hiyo, aliyemwelekeza Neema kupita kiasi hakosei sawa na aliyemkabidhi mashine na kwenda kunywa chai. Mtihani wa kawaida, wenye alama moja kwa jibu moja, unawapa wote wawili sifuri.

Sasa, je, nadharia yenyewe imesimama? Mwaka 1983 Claude Graeff aliichambua na kuonyesha nyufa katika mantiki yake, hasa namna ilivyounganisha uwezo na kutaka kana kwamba vina uzito ulio wazi katika kila ngazi. Mwaka 1987 Robert Vecchio aliipima kwa walimu wa shule za sekondari Marekani na wakuu wao. Aliona kwamba kwa walimu walio ngazi ya chini utabiri ulishika vizuri: wageni walihitaji maelekezo, na walipoyapata walifanya vizuri zaidi. Kwa ngazi za katikati ushahidi ulipungua. Kwa walio juu, wale ambao kitabu kinasema waachiwe, haukuonekana.

Hilo lina maana mahususi kwa mfawidhi wetu. Jibu la C au D kwa mgeni wa mashine, chochote kitabu kinachotumika, lina mguu wa kusimamia. Jibu la A kwa Neema aliyekomaa ndilo lenye ushahidi mdogo, ingawa kwenye mtihani ndilo rahisi kulipata. Ningekuwa mfawidhi ningemkasimia usiku huo, kisha asubuhi, kabla ya makabidhiano ya zamu, ningefungua chati ya mtoto na kusoma kina cha maji, kiwango cha oksijeni na saa ambayo pua ilikaguliwa mara ya mwisho. Kwenye karatasi ya mtihani, mtu anayeandika hivyo pembeni ya herufi A hapati alama ya ziada.